Kesi ya talaka inaendelea, mume kakata hela ya matumizi na ananipa karatasi nisaini

SWALI

Shikamoo shangazi. Nina miaka 41, nakaa Tabata na wanangu wawili. Ndoa tulifunga kanisani 2008, mwaka 2014 mume akaniambia niache kazi (nilikuwa keshia kwenye duka la dawa) nilee watoto, yeye atahudumia, na kweli alihudumia. Mwaka jana akahamia Kigamboni kwa mwanamke mwingine, ila alikuwa ananitumia laki saba kila mwezi kwa simu na ada za watoto analipa mwenyewe shuleni. Baraza la kata likashindwa kutupatanisha, akafungua kesi ya talaka mahakama ya wilaya pale Temeke. Tangu nipokee samansi kakata ile hela, ananijibu "mambo yako mahakamani, subiri hakimu". Mi nauza vitumbua asubuhi tu na nina presha. Yeye ameajiriwa kampuni ya kutoa mizigo bandarini na ana bajaji mbili. Juzi kamtuma shemeji na karatasi, nipokee milioni mbili nisaini kwamba sitadai matumizi yangu tena maisha yote. Wifi anasema mke akishaachika hana chake bora nichukue. Kesi ikiendelea bado ana wajibu kwangu? Na baada ya talaka je? Nisaini?

JIBU

Marahaba mwanangu. Karatasi usisaini, na hela usipokee hata nusu, maana ukishapokea shemeji atakuwa shahidi kwamba mlikubaliana. Mwambie kistaarabu kwamba hayo mazungumzo yafanyike mbele ya hakimu, na ukiweza hilo jibu lipeleke kwa meseji libaki kwenye simu.

Hiyo "subiri hakimu" aliyokujibu haina msingi wowote. Wewe mpaka leo ni mke wake. Kufungua kesi sio kuachana, ndoa inavunjika siku mahakama inapotoa talaka, na mpaka hiyo siku kifungu cha 63 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 bado kinambana, kwamba mume ana wajibu wa kumpa mke mahali pa kukaa, mavazi na chakula kulingana na uwezo wake na hadhi yake ya maisha. Alafu kuna kifungu cha 115, ndo chako hicho kiandike mahali, kinaipa mahakama nguvu ya kumwamuru mume alipe matunzo ya mke wakati shauri la ndoa linaendelea, na pia wakati wa kutoa talaka au hata baada ya talaka kutolewa. Kwa hiyo wifi kakosea, ila kuna kitu kimoja kapatia kwa bahati na nitakwambia chini huko.

Shida ni kwamba hakimu hakupi usichoomba. Nimeona wadada wengi sana wanakaa mwaka mzima kesi inaahirishwa wanakopa kwa majirani, wakiamini hukumu ikija itafidia yote ya nyuma, matokeo yake hukumu inakuja inagawa mali na kutoa talaka, ile miezi waliyokaa na njaa haitajwi popote kwa sababu hakuna aliyeitaja. Amri ya matunzo ya muda kwa kawaida inaangalia mbele, kwa hiyo kila mwezi unaochelewa kuomba ni mwezi umeutupa. Usisubiri tarehe ya kesi, peleka maombi wiki hii.

Yanaitwa maombi madogo, yanapelekwa ndani ya kesi ileile aliyofungua yeye, huhitaji kufungua kesi mpya. Kwa mahakama ya wilaya yanakuwa kwa maandishi pamoja na hati ya kiapo, na kesi ikiwa Temeke pale Kituo Jumuishi cha masuala ya mirathi na familia una unafuu, kuna ofisi za ustawi na za msaada wa kisheria humohumo, hivyo huna haja ya kuzunguka mjini kutafuta mtu wa kukuandikia. Ukikosa pale nenda kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake WLAC au TAWLA, wote wako hapahapa Dar na hizi kesi ndo mkate wao wa kila siku. Kuna jambo usilisahau: ile samansi inakutaka ujibu madai ya mumeo ndani ya muda, angalia siku zilizoandikwa. Majibu ya madai na maombi ya matunzo ni karatasi mbili tofauti, watu wanapeleka moja wanadhani wamemaliza.

Sasa hicho kiapo kiandike nini, hapa ndo kesi inaposhinda au kushindwa. Kifungu cha 116 kinasema kiwango kinapimwa kwanza kwa uwezo na mahitaji ya nyie wawili, alafu mahakama inaangalia pia nani kachangia kiasi gani kuvunjika kwa ndoa, na mila za jamii yenu. Hakuna asilimia iliyopangwa, hayo maneno ya "mke anapewa theluthi ya mshahara" ni ya vijiweni. Hakimu anahitaji namba, ukimwandikia "naishi kwa shida" atakuonea huruma na kukupa laki moja.

Tufanye hesabu yako. Mi nakisia, wewe weka zako za kweli. Kodi laki tatu kwa mwezi. Chakula cha watu watatu tuseme 360,000, ila hapo chako ni theluthi, yani 120,000, ya watoto tunaiweka pembeni kwa sababu nitakayosema. Gesi, LUKU na maji laki moja. Dawa za presha 40,000. Nauli na vocha 60,000. Nguo, sabuni na vidogovidogo 40,000. Jumla yako inakuja 660,000. Vitumbua, faida ikiwa elfu sita kwa siku na unauza siku 26, ni 156,000 na hii uiandike, usiifiche kabisa, maana wakili wake atakuja na picha yako ukiwa jikoni na karai na ukishaonekana umedanganya kwenye kiapo hata ya kweli hayataaminika. Toa hiyo, inabaki 504,000. Basi omba laki tano kwa mwezi.

Je utapewa laki tano? Siwezi kukuahidi. Atasema ile kodi watoto nao wanaishi humo, atasema ana mkopo wa benki, atasema ana kodi yake huko Kigamboni. Hakimu anaweza kushusha mpaka laki tatu na nusu au nne. Lakini wewe una kitu ambacho wake wengi hawana, kwamba mwenyewe alikuwa anatuma laki saba kila mwezi kwa hiari yake. Hiyo ndo kipimo kizuri kuliko vyote cha nini alikuwa anakiona kinafaa na nini anakiweza. Nenda duka la kampuni ya simu uombe stetimenti ya mwaka mzima iliyogongwa muhuri, usitegemee meseji za kwenye simu peke yake. Na ile meseji ya "subiri hakimu" piga skrinishoti ikae na tarehe yake, hiyo inaonyesha kwamba hakuishiwa, alikataa tu, na kukataa na kukosa hela mahakama haivichukulii sawa.

Kuhusu kipato chake, sema kwenye kiapo ni kampuni gani na cheo gani, kiasi ulichokiona mara ya mwisho kwenye salari slipu, na umwombe hakimu amwamuru alete salari slipu na stetimenti ya benki. Huna wajibu wa kwenda kuiba karatasi ofisini kwake, tafadhali. Bajaji ndo zitakuwa na maneno. Hesabu ya bajaji tuseme elfu ishirini kwa siku, mbili kwa siku 26 inakuja 1,040,000 kabla ya sevisi na matengenezo, na nakuhakikishia siku ya kusikilizwa zote mbili zitakuwa zimeharibika injini au zimeuzwa kwa rafiki. Kwa hiyo andika namba zake, piga picha kwenye kijiwe zinapopaki, na kama dereva alikuwa anakutumia hesabu wewe wakati mumeo kasafiri, hiyo miamala nayo itoe. Utajuaje kama kweli kaziuza? Aulizwe lini, kwa bei gani, hela iko wapi na kadi iko kwa jina la nani. Mtu aliyeuza kweli hajikanyagi hapo.

Hilo la nani kaharibu ndoa lina uzito pia kwa sababu linaingia kwenye kupima kiwango. Aliyeondoka nyumbani ni yeye, sawa, ila sasa usimsaidie kwa kutukana huyo mwanamke kwenye stetasi za wasap, wala kwenda Kigamboni kufanya fujo, maana kesho hizo skrinishoti anazileta yeye. Wala usihangaike na kwamba yeye ndo kafungua kesi na wewe ni mjibu maombi, kwenye matunzo haijalishi nani kafungua.

Watoto nimewaweka pembeni makusudi. Matunzo yao ni haki yao, yanaombwa kama kipengele chake, na hayaishi kwa sababu wewe umeolewa tena au umesaini karatasi yoyote. Ukichanganya kila kitu kwenye jumla moja ya "nipewe laki saba na nusu", siku yako ikikoma wataanza kubishana ya watoto ni shilingi ngapi. Kwa hiyo ile 240,000 ya chakula chao, ada, nauli ya shule, matibabu, andika kwa mstari wao.

Haya, baada ya talaka. Hapa ndo wifi alipogusa ukweli kidogo. Ile amri ya muda inakufa kesi ikiisha, haivuki yenyewe. Na baada ya talaka sheria inasema mahakama "inaweza", haisemi "lazima", na mahakimu wengi wanaona mkishagawana mali kila mtu aende zake. Kwa hiyo usipokuwa na sababu za kueleweka hupati kitu. Wewe sababu unazo mwanangu: uliacha kazi 2014 kwa makubaliano yenu wawili, umekaa nje ya ajira zaidi ya miaka kumi, una miaka 41 na presha, na watoto unabaki nao. Lakini usiombe "anitunze mpaka nife", hakimu atakuona unataka mshahara. Omba kitu chenye mwisho na kazi yake, mfano laki nne kwa mwezi kwa miezi 24, na useme kwenye hiyo miezi unafanya nini, labda kukuza hiyo biashara kutoka vitumbua vya asubuhi kwenda kibanda chenye chai na chapati mpaka mchana, gharama zake hizi hapa. Maombi ya namna hiyo hakimu anaweza kuyatetea kwenye hukumu yake hata ikikatiwa rufaa.

Haya uyaweke tangu sasa kwenye majibu yako ya madai, pale mwisho unapoorodhesha unachoomba: matunzo ya mke baada ya talaka, mgawanyo wa mali, matunzo ya watoto, kila kimoja peke yake. Sheria inaruhusu kuomba hata talaka ikishatoka, ila ukienda baadaye utaulizwa ulikuwa wapi.

Na usikubali wakuchanganye mgawanyo wa mali na matunzo. Mali mliyochuma pamoja, kama hizo bajaji na kiwanja kama kipo, wewe una sehemu yako humo hata kama hukutoa shilingi, Mahakama ya Rufani ilishasema tangu mwaka 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu kwamba kazi za nyumbani na kulea ni mchango. Hiyo ni sehemu yako ya kile mlichochuma. Matunzo yanatoka kwenye kipato chake cha mbele. Hivyo akikwambia "si nimekupa bajaji moja, matunzo ya nini tena", mjibu kwamba hivyo ni vitu viwili, ingawa kweli hakimu akiona umepata mali inayokuingizia hela atapunguza matunzo kwa sababu mahitaji yako yamepungua. Hapo hajakosea.

Turudi kwenye milioni mbili. Kwa hesabu yetu ya laki tano hiyo ni miezi minne. Kesi yenyewe inaweza ikapita hapo hata hukumu bado. Lakini cha kukujulisha ni kwamba hata ungesaini leo usiku, makubaliano ya kulipwa kitita kimoja ili kumaliza madai yote ya matunzo ya baadaye hayana nguvu mpaka mahakama iyapitishe. Kwa hiyo ile karatasi ya shemeji kisheria bado haijafunga kitu. Hatari yake ni nyingine, kwamba wanakusainisha, wanaipeleka mahakamani mkiwa mmeelewana, hakimu anakuuliza "unakubali?" na wewe kwa aibu au kwa kuwa hela umeshaila unasema ndiyo, akiipitisha tu mlango umefungwa, hata akija kuwa bosi wa bandari nzima hudai tena.

Kitita chenyewe sio kibaya lakini. Kuna watu nawashauri wachukue, hasa mume akiwa mtu wa kukwepa ambaye utamfukuza kila mwezi. Mumeo ana ajira ya kueleweka kwa hiyo huna haraka hiyo, ila ukitaka kuongea kitita, anzia kwenye miezi 24 mara laki nne, ni milioni tisa na laki sita, alafu mteremke kutoka hapo mbele ya wakili wako na hakimu, na iandikwe wazi kwamba ni matunzo ya mke tu, watoto na mali havimo.

Ukipata amri, iwe na tarehe ya kulipa na namba ya akaunti au ya simu, "atalipa kila mwezi" peke yake inaleta ubishi. Asipolipa unarudi mahakamani kukazia hukumu, malimbikizo yanadaiwa kama deni, na kwa aliyeajiriwa unaweza kuomba hela ikatwe kwenye mshahara kabla haijamfikia. Amri nayo sio ya jiwe, akipunguzwa kazi kweli anaweza kuomba ipunguzwe, na wewe ukiugua zaidi au yeye akipanda cheo unaweza kuomba iongezwe, mradi mabadiliko ni makubwa na yana ushahidi. Na ukiolewa tena haki yako ya matunzo inakoma hapohapo, ya watoto inabaki.

Najua wasomaji wangu Waislamu watauliza, kwa hiyo niseme kwa kifupi. Wakati kesi inaendelea hakuna tofauti, ombeni vilevile. Tofauti iko baada ya ndoa kuvunjwa kwa sheria ya Kiislamu, hapo matunzo ya mke yanaishia eda, isipokuwa mahakama iwe na sababu maalumu na iiandike. Na akina baba mnaoniandikia kila siku eti sheria inawaonea, mume aliyeumia au mgonjwa asiyeweza kujitafutia naye anaweza kuomba mke mwenye uwezo amtunze, kipo kwenye kifungu hichohicho cha 115, someni.

Akiona umepeleka maombi anaweza kuondoa kesi yake ya talaka ili ile amri ya muda ife nayo. Wapo wanaofanya hivyo. Akifanya usirudi nyumbani ukakaa, kumtelekeza mke bila huduma ni sababu tosha ya kudai matunzo peke yake bila talaka yoyote, na ule ushahidi wako wa stetimenti na meseji unatumika uleule. Mwenye nyumba kwa sasa mwonyeshe nakala ya maombi yenye muhuri wa mahakama, umwombe alipwe mwezi mmoja mmoja mpaka maombi yasikilizwe.